Kupamba chumba cha mzee mwenye pumu na oksijeni: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Chumba chenyewe ni cha mita 4 kwa 3, katika nyumba ya wazee hapa Dar es Salaam. Kitanda kimoja, dirisha moja linalotazama mwembe, na bibi mwenye pumu ambaye usiku kucha huvuta oksijeni ya mashine kwa mpira wa puani. Wajukuu walikuja na mfuko mzima wa mapambo: mito miwili ya sufi, maua ya kitambaa, mkeka wa rangi wa kutundika, udi na chetezo chake. Karibu vyote nilivirudisha.

Kabla ya kutoa hela, kila kitu nakiuliza maswali mawili. Je, kinafutika kwa kitambaa kibichi au kuoshwa kwa maji ya moto? Na kikishika moto, kitazimika chenyewe au kitaendelea? Oksijeni yenyewe haiungui, ila inauchochea moto. Tena inajipenyeza kwenye shuka, gauni na nywele, na inakaa humo kwa muda hata mashine ikishazimwa. Cheche ambayo sebuleni ingefifia, hapa inakuwa moto kamili.

Kwanza: picha bapa za ukutani

Hapa ndipo fedha kidogo inapobadilisha chumba zaidi. Chapisha picha za familia, zipige laminesheni steshenari yoyote, basi vumbi litafutwa kila asubuhi pamoja na meza. Ukitaka fremu, chagua yenye plastiki ngumu badala ya kioo, na uifunge kwa skrubu. Bibi alitaka kanga yake ya zamani ionekane, nasi tukaikunja hadi ikabaki pindo na jina lake, tukaibana ndani ya fremu. Ingetundikwa wazi ingekuwa pamba kavu, futi chache tu kutoka kwenye oksijeni.

Tatizo la picha ni kuzidisha, kwa sababu karatasi na plastiki navyo huungua. Kipimo ninachokitumia nimekiazima Marekani: kanuni za usalama wa moto za NFPA 101, toleo la 2012, zinaruhusu mapambo yanayoungua kufunika asilimia 20 tu ya ukuta katika wodi isiyo na mabomba ya kunyunyiza maji darini. Jengo letu halina mabomba hayo. Ukuta mrefu wa bibi ni mita 4 kwa kimo cha mita 2.7, yaani mita za mraba 10.8, na humusi yake ni kama 2.16. Picha tatu za sentimita 60 kwa 90 zinachukua 1.6, kwa hiyo tuliishia hapo. Mlangoni usibandike kitu, wala juu ya soketi.

Pili: pazia, na hapa usiharakishe

Pazia ndilo kitambaa kikubwa kuliko vyote chumbani. Mahameli na vitambaa vizito vya manyoya viache, vinafuga vumbi. Pamba tupu inafulika vizuri lakini inawaka kama karatasi. Poliesta ya kawaida haiwaki upesi hivyo, ila inayeyuka na kudondosha matone ya moto yanayoganda kwenye ngozi. Unachotafuta ni poliesta ambayo kinga ya moto imo ndani ya uzi wenyewe. Lebo au karatasi ya kiwandani itaandikwa BS 5867 kwa kipimo cha Uingereza, au NFPA 701 kwa cha Marekani. Muulize muuzaji swali moja: kinga imo kwenye uzi, au kitambaa kimepakwa dawa tu? Ya kupakwa hupungua kwa kufuliwa, na pazia la mgonjwa wa pumu hufuliwa mara kwa mara.

Kariakoo niliambiwa, "Hili halishiki moto kabisa, dada yangu." Nikaomba kipande cha pindo chenye upana wa kidole. Nyumbani nilikibana kwa kibanio cha chuma, nikatoka uani, nikaweka ndoo ya maji pembeni na kukiwashia kiberiti. Kiliwaka, na hata nilipoondoa kiberiti kiliendelea kuwaka, kikinuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu. Pamba hiyo. Kitambaa chenye kinga hubabuka na kuwa cheusi, kisha moto unazimika ukiondoa kiberiti. Jaribio hili litakuonyesha pazia bovu, ila haliwezi kuwa cheti cha pazia zuri, na usilifanye chumbani wala karibu na mashine.

Pazia jipya lifue kabla ya kulitundika ili harufu ya dukani itoke. Lining'inie kidogo juu ya sakafu, mbali na soketi.

Tatu: mto, foronya na blanketi

Sufi ni nyepesi na nzuri kulalia, lakini nyuzi zake hupeperuka kama vumbi kila mto unapopigwapigwa, haifuliki, na inashika moto haraka sana. Nunua mto wa faiba unaofulika, pamoja na kava la zipu linalofunika mto mzima. Rangi na maua yaache yawe kwenye foronya.

Adui hapa ni utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaostawi kwenye unyevu, nao unyevu wa pwani unawafaa sana. Maji ya nyuzi joto 60 huwaua. Kama hamna mashine ya kufulia, changanya lita 10 za maji yanayochemka na lita 8 za bombani. Maji ya bombani yakiwa na nyuzi 28, mchanganyiko unafika kama 68, na ndoo pamoja na nguo zitashusha hadi sitini na kitu. Loweka foronya kwa mti, si kwa mkono. Kwa hiyo ukiwa dukani soma lebo: ikiandikwa nyuzi 30 au 40, rudisha hata kama inapendeza. Blanketi la manyoya marefu liache pia.

Nne: taa

Taa ndogo za LED za betri zinafaa, mradi kifuniko cha betri kinafungwa kwa skrubu. Betri zile bapa kama kifungo ni hatari kwa mzee aliyepoteza kumbukumbu, maana akiimeza inaunguza koo. Taa za kumetameta za kuchomeka umeme, zenye waya mwembamba na zisizo na alama yoyote, sinunui.

Maua

Maua mabichi kwa mgonjwa huyu hapana: yana chavua, maji ya chombo yanafuga vijidudu, na asumini kwa harufu yake peke yake inaweza kuamsha pumu. Ya kitambaa hukusanya vumbi kwenye kila petali. Ukilazimika, nunua ya plastiki ngumu yenye majani machache, yaoshwe kila wiki. Mimi ningeongeza picha.

Yanayobaki dukani

Mishumaa, udi na ubani havina mjadala: moto wowote ukae angalau mita 3 kutoka kwenye oksijeni, na moshi wake unambana mgonjwa hata ukiwa mbali zaidi ya hapo. Baluni za mpira nazo ziache, kwa kuwa wapo wanaodhurika na utomvu wa mpira. Mkeka wa ukindu nao uache, ni majani makavu yaliyosukwa, yanashika moto upesi.

Kitu kimoja cha mfuko ule kilibaki. Chetezo ni cha udongo, hakiungui, na kinafutika. Kipo kwenye rafu ya dirishani bila kaa wala udi, na bibi hukigeuza kila siku ili upande wenye nakshi umtazame.