Nilivyobuku gesti ya Kabale kupitia saiti yao (uzoefu wangu)

Mwezi wa nane tulikuwa na kuhingira, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, ya binti wa shangazi huko Kabale, tulikuwa watu watatu, mimi, mama na mdogo wangu, na kutoka Kampala ni siku nzima kwenye basi, sasa sikutaka kufika usiku na mama halafu tuanze kuzunguka na boda tukitafuta pa kulala. Nikaingia kwenye saiti ya gesti moja niliyopewa na jirani. Jina nalihifadhi.

Kwa vyumba sina neno, wamejitahidi kweli. Kila chumba kina picha zake na choo kimeonyeshwa, si ile ya kupiga picha taulo lililokunjwa kama bata basi. Chumba cha dabo selfu, kitanda kimoja kikubwa, 120,000 BB, yaani watu wawili na chai ya asubuhi. Mtu wa tatu anawekewa kitanda cha ziada kwa 40,000. Nikajumlisha 160,000, siku mbili 320,000, nikaona poa.

Fomu yao nayo ni fupi, jina, simu, watu wangapi, tarehe. Shida ilikuwa hapo kwenye tarehe, hakuna kalenda ya kubonyeza, unaandika mwenyewe, basi nikaandika 07/08 nikimaanisha tarehe saba mwezi wa nane. Baada ya kama saa mbili nikajibiwa kwa wasapu, "Nyabo pole, Julai 8 tumejaa." Nikaanza kutafuta kwingine kabisa, bahati nikarudi kusoma tena nikaona ameandika Julai 8! Yeye alianza na mwezi. Nikamwandikia kwa maneno, naingia Alhamisi tarehe 7 Agosti, natoka Jumamosi tarehe 9, nalala siku mbili, akasema chumba kipo. Tangu siku hiyo mwezi naandika kwa jina na siku ya wiki naiweka, maana zikigongana mtu atauliza.

Ila kabla sijatuma pesa mama akaniambia waulize hiyo ndiyo bei ya mwisho? Mimi nikaona mama naye, bei si imeandikwa. Kumbe chini kabisa ya ukurasa kuna maandishi madogo kwamba bei ni bila VAT, na VAT yetu ni asilimia 18, kwa hiyo 320,000 inaongezeka 57,600, jumla 377,600. Hiyo elfu hamsini na kitu ni nauli ya mtu jamani. Nikaomba wanitumie jumla yote kwa maandishi, wakatuma, nikalipa nusu kwa MoMo na nyingine tulipofika, hawakuongeza hata shilingi.

Kitu kimoja saiti haisemi, maji ya moto ni ya sola na Kabale ni baridi, kwa hiyo jioni yanachoma lakini saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo mama anaoga, ni ya kumwamsha maiti. Risepsheni wakamletea ya jikoni kwenye beseni.