Shawa, Aereta na Sistani ya Vitufe Viwili: Kipi Kinaokoa Maji Kweli

Niling'oa sistani yangu ya zamani, tangi la maji la choo lililokuwa likimwaga lita 9 kila lilipovutwa, nikaweka mpya ya vitufe viwili, kimoja cha lita 3 na kingine cha lita 6. Kwa miezi kadhaa matumizi yalishuka kama boksi lilivyoahidi, nami nikajisifu. Kisha mita ikaanza kupanda tena, mpaka ikavuka ilipokuwa kabla sijanunua chochote. Nilimshuku kila mtu mwenye mkono karibu na bomba, wakiwemo wageni waliokwisha kuondoka, hadi usiku mmoja nilipofunga bomba zote, nikaimulika mita kwa tochi na kukiona kile kigurudumu chake kidogo kikizunguka taratibu, wala hakuna aliyekuwa macho isipokuwa mimi. Maji yalikuwa yakipita ndani ya choo changu kipya, bila sauti na bila tone sakafuni.

Tangu hapo, ninapoulizwa kifaa gani cha kuokoa maji kinunuliwe, siulizi kwanza kinatumia lita ngapi, kwa kuwa hilo limeandikwa kwenye boksi na kila mtu anaweza kulisoma. Nauliza kikianza kuharibika, mwenye nyumba atajuaje. Kwa kipimo hicho nimeviweka vifaa vitatu kwa mpangilio huu: kichwa cha shawa kwanza, aereta ya pili, na sistani ya vitufe viwili ya tatu, ingawa sistani ndiyo nitakayoizungumzia zaidi.

Shawa nimeipa nafasi ya kwanza kwa sababu hesabu yake ni kubwa na ubovu wake hauna pa kujificha. Kichwa cha kawaida kinachotoa lita 12 kwa dakika, mtu akikaa chini yake dakika 8, kinamaliza lita 96. Kile cha lita 7.5 kinamaliza lita 60. Tofauti ni lita 36 kwa kila anayeoga, na ikiwa maji yamepashwa moto kwa nyuzi 20 za Selsiasi zaidi ya yalivyokuja, umeokoa pia takriban uniti 0.8 za umeme. Kikiziba kwa chokaa, utaona mwenyewe maji yakirushwa pembeni, kikivuja, kitakudondokea.

Hata hivyo, usinunue kabla ya kupima unachokipata sasa. Weka ndoo ya lita 10 chini ya shawa, fungulia maji kama unavyooga, uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 50, unatumia lita 12 kwa dakika na kifaa kipya kina kazi ya kufanya. Ikihitaji sekunde 80 au zaidi, unatumia lita 7.5 au pungufu, na kichwa cha kuokoa maji hakitakuokolea kitu zaidi ya kukuongezea muda wa kusuuza povu. Wenye tangi la juu wawe waangalifu zaidi, kwa maana kiwango kinachoandikwa kwenye boksi mara nyingi hupimwa kwa shinikizo la baa 3, ilhali tangi lililo mita 4 juu ya shawa linatoa baa 0.4 tu. Mtiririko haupungui sawia na shinikizo bali hufuata kipeuo chake cha pili, hivyo kichwa chenye matundu ya kubana tu, kilichoandikwa lita 7.5, kitakupa chini ya lita 3 kwa dakika. Tafuta chenye kidhibiti cha ndani, yaani pete laini ya mpira inayobanwa shinikizo linapopanda na kulegea linaposhuka. Na kama maji yako yanapashwa moto na hita ya papo hapo iliyo kwenye shawa yenyewe, acha kabisa, kwani maji yakipungua mno hita hukataa kuwaka au hutoa maji ya kuunguza.

Aereta ni kile kikofia chenye wavu kinachofungwa mdomoni mwa bomba na kuchanganya maji na hewa. Ni kifaa kidogo na chenye ukweli, mradi ufahamu kwamba kinaokoa pale tu maji yanapotiririka bure. Ukijaza sufuria ya lita 5, utatumia lita 5 zile zile. Utakachobadilisha ni muda wa kusimama. Kwenye sinki la kunawia mikono hali ni tofauti. Watu 4 wakinawa mara 6 kwa siku, sekunde 20 kila mara, bomba linakuwa wazi dakika 8 kwa jumla, na kushusha mtiririko kutoka lita 12 hadi 6 kunaokoa lita 48. Weka basi kwenye sinki la bafuni, na la jikoni uliache. Kabla ya kwenda dukani fungua ya zamani uende nayo, kwa sababu meno ya nje ya milimita 24 na meno ya ndani ya milimita 22 yote huitwa saizi ya kawaida na hayaingiliani. Zile za bei rahisi zenye wavu mtupu bila kidhibiti hazinishughulishi.

Sasa sistani. Wazo la vitufe viwili ni zuri na si geni: Bruce Thompson wa kampuni ya Caroma, Australia, alilitengeneza mwaka 1980, wakati ambapo mkupuo mkubwa ulikuwa lita 11 na mdogo nusu yake. Tatizo limo katika jinsi maji yanavyozuiwa. Sistani za kizamani za Kiingereza zilitumia sifoni, ambapo maji hulazimika kupandishwa juu ya kona ya bomba ndipo yashuke chooni. Yakiwa chini ya kona hiyo, hayana njia ya kupenya, hata kifaa kikizeeka vipi. Kanuni za Uingereza hazikuruhusu vali za kudondosha maji majumbani hadi mwaka 2001, na sababu ilikuwa hofu ya kuvuja. Sistani ya vitufe viwili kwa kawaida hutumia vali hiyo hiyo ya kudondosha. Iko chini kabisa ya maji, na kinachoyazuia maji yote mchana na usiku ni pete moja ya mpira iliyokalia ukingo wa plastiki. Punje moja ya mchanga ikiingia kati yao, umepata mfereji.

Hebu tuifanye hesabu ya nyumbani kwangu. Watu 4 tukivuta mara 5 kila mmoja ni mara 20. Sistani ya zamani ilitumia lita 180 kwa siku. Mpya, tukihesabu mikupuo midogo 16 na mikubwa 4, inatumia lita 48 na 24, jumla lita 72, kwa hiyo akiba ni lita 108. Ili kupima uvujaji nilifunga koki inayoingiza maji kwenye sistani, nikaweka alama ya penseli ukutani mwake kwenye usawa wa maji, nikasubiri dakika 20. Usawa ulishuka sentimita 4. Ndani sistani ina urefu wa sentimita 36 na upana wa 14, hivyo kila sentimita moja ya kina ni nusu lita. Lita 2 kwa dakika 20 ni lita 6 kwa saa, na lita 144 kwa siku. Ukizijumlisha na zile 72 unapata 216, yaani choo cha kuokoa maji kilikuwa kikitumia lita 36 zaidi ya kile nilichokitupa.

Alama hiyo ya penseli inakueleza pia kosa liko wapi. Koki ikiwa imefungwa na maji yakaendelea kushuka, pete ya chini ndiyo mbovu. Yasiposhuka, lakini ukifungulia koki yakapanda hadi mdomo wa bomba la kufurikia na kuingia humo, mbovu ni vali ya boya inayoingiza maji, na mara nyingi kuishusha boya kidogo kunatosha. Usipotaka kupima, tia rangi ya chakula ndani ya sistani usiku na asubuhi, kabla mtu hajavuta, tazama bakuli la choo: ukiikuta rangi humo, sistani inavuja.

Nilipoitoa pete yangu ilikuwa imevimba na kulegea. Vidonge vya klorini vya kuning'iniza ndani ya sistani, ambavyo nilivitumia kwa moyo wote, hula mpira. Sababu nyingine nilizokutana nazo ni mchanga uliobaki kwenye bomba kwa kuwa fundi hakulisafisha kwa maji kabla ya kuunganisha, na kijiti cha kitufe kilichorefushwa mno hadi kifuniko kikikaa, kitufe hubaki kimeibonyeza vali kidogo. Hiyo ya mwisho hutibiwa kwa bisibisi.

Kwa hiyo vitu vya kuuliza dukani ni viwili: je, vali inatoka kwa mkono bila kuishusha sistani, na je, pete yake inauzwa peke yake? Hapa sifichi upendeleo wangu, mimi ni mtu wa Geberit. Vali yao huzungushwa robo mzunguko na kuinuka yote, pete huchomolewa kwa vidole, nyingine huvalishwa, na kampuni yenyewe huahidi vipuri kwa miaka mingi. Kazi nzima haifiki dakika 10. Hakikisha tu kwamba bakuli limeandikwa kufaa kwa lita 6, kwani bakuli lililobuniwa kwa lita 9 halisafishiki kwa mkupuo mmoja, na mtu anayevuta mara mbili ametumia lita 12. Seti zisizo na jina, hata zikiuzwa kwa nusu ya bei, nazipita.

Aliyeniuzia ile ya kwanza nilimrudia na pete mkononi. Aliitazama, akasema, "Dada, hii haiji peke yake, chukua seti nzima." Nikamwambia sistani ni nzima, kitufe ni kizima, boya ni zima, ninachotaka ni duara la mpira lisilozidi kiganja. Akanishauri basi nibadilishe na bakuli, zifanane rangi. Nilizunguka maduka manne nikapewa jibu lile lile kwa maneno tofauti, na katika la nne muuzaji alikuwa na rafu nzima ya vidonge vya klorini, pete hata moja hana. Siku hizi nikinunua sistani nadai pete mbili za akiba zitiwe kwenye mfuko ule ule kabla sijatoa pesa, na muuzaji akisema hazipo, naiacha sistani juu ya kaunta.