Krimu za kuumwa na wadudu: kwa nini ya antihistamini naiweka mwisho

Krimu ya antihistamini, yaani dawa ya kutuliza aleji, niliinunua kwa sababu muuzaji alisema, "Hii ndiyo ya wadudu." Mbu walikuwa wameniuma mara tatu kwenye kifundo cha mguu. Nilipaka eneo zima, muwasho ukatulia kidogo. Siku ya nne pakawa pekundu, pana vilengelenge, panawasha kuliko mwanzo, nami nikazidi kupaka. Kilichonifumbua macho ni umbo la ule wekundu. Haukuzizunguka alama za mbu; ulifuata mpaka wa krimu na kukoma pale kidole changu kilipokomea.

Kasoro hii haitajwi dukani. Krimu ya antihistamini, hasa yenye difenhidramini, inaweza yenyewe kuiletea ngozi aleji. Upele wake hauji saa ileile, huchelewa kwa siku kadhaa, ndiyo maana mtu humlaumu mdudu. Ukiuona umechukua umbo la ulipopaka, acha krimu hiyo. Muwasho ukikunyima usingizi, kidonge cha antihistamini hufaa zaidi, lakini usikimeze huku umepaka difenhidramini, na mtoto usimfanyie hivyo kabisa: dawa itamwingia kwa njia mbili.

Chaguo langu la kwanza ni haidrokotizoni ya asilimia 1, steroidi hafifu isiyochanganywa na kitu kingine. Hii hushughulikia uvimbe wenyewe. Huchukua saa kadhaa, kwa hiyo usirudierudie kupaka kwa papara. Kwa alama tatu kama zangu, kiasi cha punje ya dengu kinatosha, mara moja au mbili kwa siku, kisizidi siku saba. Isiguse uso, ngozi iliyochubuka wala penye usaha, kwa sababu inadhoofisha kinga ya ngozi. Kwa mtoto wa chini ya miaka 10, muulize daktari kwanza.

Kalamaini ni ya pili. Ile losheni ya waridi yenye zinki hupoza inapokauka na hukausha alama zinazotoa majimaji. Itikise kwanza. Ikishakauka nafuu huisha upesi, na uvimbe haiupunguzi.

Kinachoniudhi ni chupa za kalamaini zilizotiwa difenhidramini, rangi ileile, maandishi ya kiambato madogo hayasomeki. Kibaya zaidi ni wauzaji wanaompa mtu mwenye alama ya mbu krimu ya mchanganyiko: steroidi kali, antibiotiki na dawa ya fangasi kwenye tyubu moja. Steroidi kali ikipakwa muda mrefu hukondesha ngozi, na mbu hakuleta fangasi. Geuza kikasha usome viambato kabla ya kulipa.

Wekundu ukitanuka kila siku, pakawa na joto na maumivu, ukapata homa au usaha, hapo hakuna krimu kati ya hizi inayofaa. Nenda hospitali. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, nenda dakika hiyohiyo.