Nilituma picha ya intigrali yenye kipeuo, wakanirudishia pembetatu: uzoefu wangu

Huduma yenyewe ni rahisi kuielewa. Unapiga picha ya swali la hesabu, unaituma WhatsApp, unalipa shilingi 3,000, na ndani ya saa mbili hivi mwalimu anakurudishia karatasi aliyoiandika kwa mkono pamoja na maelezo ya sauti. Nimewatumia mara tatu muhula huu, nikiwa mwaka wa kwanza uhandisi, na mara zote tatu ni kwa maswali ya aina moja: intigrali yenye kipeuo cha pili ambayo haifunguki mpaka x uivalishe sini, tanjenti au sekanti. Jina lao siliweki hapa, kwa sababu mengine nitakayosema hayatawafurahisha.

Swali la kwanza lilikuwa hili:

∫ x² / √(25 − x²) dx

Nilipiga picha usiku, taa ikiwa nyuma yangu, na karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne mfukoni. Jibu lilikuja haraka, mwandiko safi, rangi mbili za peni. Lakini mwalimu alianza na x = 5 tan θ, na mwisho kabisa kukawa na logi. Kitabuni jibu lina arcsin. Nikakaa na hiyo karatasi robo saa nzima nikidhani mjinga ni mimi, hadi nilipoitazama pembetatu aliyoichora pembeni: haipotenasi yake iliandikwa √(x² + 25). Swali langu halina kujumlisha popote! Nikarudi kwenye picha niliyotuma, nikakuta mkunjo wa karatasi umepita wima katikati ya alama ya kutoa, ikawa msalaba kamili.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho darasani kilinipita. Kipeuo cha kwenye swali lazima kionekane, vilevile kilivyo, kwenye upande mmoja wa pembetatu. Kama hakionekani, ama umechagua badiliko lisilo lake, ama swali limesomwa vibaya. Ni ukaguzi wa sekunde tano, na unaufanya kabla hujaintigreti chochote.

Niliwaandikia. Mwalimu hakubisha, ila alisema kurudia ni nusu bei, kwa kuwa picha ni yangu. Sikufurahi: mtu anayekula kwa kusoma picha, akikutana na alama yenye utata, angeuliza kwanza ndipo aanze kazi. Nililipa hata hivyo. Safari hii nilipiga picha dirishani mchana, na chini ya swali nikaandika kwa maneno: “ishirini na tano KUTOA x mraba, na mstari wa kipeuo unafunika vyote viwili.”

Karatasi ya pili ndiyo iliyonifanya niendelee kuwa mteja. Aliweka x = 5 sin θ, kwa hiyo dx = 5 cos θ dθ, na kipeuo kikawa √(25 − 25 sin²θ), yaani 5 cos θ. Pembeni akaandika kwa peni nyekundu kwamba θ iko kati ya −π/2 na π/2, ndiyo maana cos haiwi hasi na hakuna haja ya kubeba alama ya thamani halisi. Juu na chini 5 cos θ zikafutana, kikabaki 25 sin²θ tu. Kuintigreti hiyo unatumia sin²θ = (1 − cos 2θ)/2, unapata:

(25/2)θ − (25/4) sin 2θ + C

Hadi hapo hata mimi nilikuwa nafika. Ninapoanguka ni kurudi kwenye x. Kwenye sauti yake mwalimu alikwenda polepole: “Sasa kijana, chora pembetatu yenye pembe mraba. Sini ya theta ni x juu ya tano. Kwa hiyo upande unaoitazama theta ni x, haipotenasi ni tano. Upande uliobaki Pythagoras anakupa mwenyewe: kipeuo cha ishirini na tano kutoa x mraba. Umekiona kipeuo chako kimerudi nyumbani?”

Nikakiona. Kisha akanishika palepale ninapokoseaga: “Usiniandikie sini ya theta mbili kuwa mbili x juu ya tano.” Ndivyo hasa nilivyokuwa nimeandika kwenye jaribio langu, ambalo wala sikulituma. Pembetatu inaijua θ, haijui 2θ. Akasema weka x = 4: pande zinakuwa 4, 3 na 5, na kwa njia yangu sin 2θ ingekuwa 8/5, sini iliyozidi moja. Kwa hiyo kwanza unaivunja: sin 2θ = 2 sin θ cos θ, halafu unasoma kimoja kimoja kwenye pembetatu, sin θ = x/5 na cos θ = √(25 − x²)/5. Ukiweka 4 unapata 24/25, na hiyo ni sini halali. Na θ iliyo peke yake haitoki kwenye pande za pembetatu. Hiyo unaigeuza tu kuwa arcsin(x/5). Jibu likawa:

(25/2) arcsin(x/5) − (x/2)√(25 − x²) + C

Nililihakiki mwenyewe kuanzia 0 hadi 4. Fomula inatoa karibu 5.59. Nikajumlisha kwa mkono kwa kanuni ya Simpson, vipande vinne, nikapata kama 5.63. Kwa vipande vichache hivyo, sina cha kudai.

Swali langu la pili kwao lilikuwa la tanjenti, likaenda sawa, sina la kusimulia. La tatu ndilo lililonipunguzia nyota. Lilikuwa √(x² − 25) juu ya x. Alitumia x = 5 sec θ, pembetatu yake safi, x ikawa haipotenasi, akamaliza na √(x² − 25) − 5 arccos(5/x) + C. Kwa x iliyozidi 5 hilo ni sahihi kabisa. Lakini kipeuo hicho kinakubali pia x iliyo chini ya −5, na pembetatu imechorwa kana kwamba x ni chanya siku zote. Urefu wa upande hauwezi kuwa hasi, kwa hiyo mchoro hausemi lolote kuhusu upande ule wa pili. Nilijaribu x = −13. Kipeuo ni 12, kwa hiyo mteremko wa jibu ungepaswa kuwa −12/13, karibu −0.92. Jibu lake nikilidifrenshieti hapo linatoa −1.24 hivi. Dawa ni ndogo, unaandika arccos(5/|x|), basi. Ila mtu aliyeandika mipaka ya θ kwa peni nyekundu kwenye swali la sini, kwenye la sekanti, ambako ndiko inakohitajika zaidi, hakuandika hata mstari mmoja.

Nilimtumia hesabu yangu ya −13. Alijibu baada ya siku moja: “Uko sawa kijana, nilichukulia x ni chanya.” Pesa haikurudi, wala sikuidai.

Nyota tatu na nusu. Nne zingekuwa zake kama wangekuwa na desturi ya kukuandikia swali kama walivyolisoma, uthibitishe, ndipo ulipe.