Spektroskopu ya mkono: ipi ununue ikutajie gesi iliyomo kwenye taa

Skulini kwetu hapa Chake Chake tumeshatumia aina tatu, na mie namba moja naipa ile ya kiboksi cha plastiki cha pembetatu, ina skeli ya nanometa ndani na filamu ya mistari 500 kwa kila milimita, ukiona mstari wa rangi unaotolewa na gesi ya taa unasoma namba papo hapo. Ya pili ni kile kimrija cha prizimu. Picha yake inang'ara kweli, lakini vingi havina skeli, na prizimu inaibana nyekundu huku ikiitawanya zambarau, kwa hiyo kupima ni tabu. Ya kujitengenezea kwa kipande cha sidii naiweka mwisho, mistari utaiona ila kipande kikisogea tu vipimo vyako vyote basi tena.

Kabla hujalipa iangalie taa ya enejiseva ya hapo hapo dukani, maana ndani mna zebaki. Mstari wa buluu uwe mwembamba kama uzi. Ukiwa mnene, mwanya wa kuingizia mwanga ni mpana, na ukiwa umelala upande, filamu imebandikwa vibaya, usichukue, sisi cha mwanzo kilikuwa hivyo na hakikurekebishika.

Na hata kizuri usiiamini skeli yake hivi hivi, kipime kwanza kwa taa halisi ya zebaki ya maabara, sio enejiseva, kwa sababu unga wa ndani ya enejiseva unaongeza rangi zake, kuna kijani kinachokaa karibu sana na cha zebaki. Chetu buluu ya 435.8 kiliisoma 443, kijani ya 546.1 kikaisoma 552, na manjano, ambazo ni mbili 577.0 na 579.1 ila kwetu zilishikana tukachukua 578, kikaisoma 583. Yaani kinazidisha 7, halafu 6, halafu 5, kosa linapungua kwa mpango, kwa hiyo ukichora grafu unapata mstari ulionyooka:

```
kweli = 1.016 × usomaji − 14.2
```

Sasa ile taa ya gesi isiyojulikana. Tulisoma 454, 507, 592 na 671, tukirekebisha inakuwa 447, 501, 587 na 668. Hiyo ya mwisho tuliichukua kwa tahadhari kwani imepita mbali manjano ya zebaki tuliyopimia. Wanafunzi walivyoiona manjano ya 587 wengine wakasema kriptoni, na wana haki, kriptoni ina 587.1 na heli ina 587.6, na kiboksi hiki hakiwezi kuzitenganisha hata ukikazia macho vipi. Kwa hiyo mstari mmoja hautoshi, tafuta na ule ambao ungelazimika kuwepo. Kriptoni ina kijani kikali cha 557.0, kwenye skeli yetu kingekaa karibu na 562, na pale palikuwa giza tupu, wakati 447, 501 na 668 zote ni za heli.