Picha ya pete: mwanga laini au taa kali?

Metali iliyong'arishwa ni kioo. Huonyesha chochote kilichoizunguka. Ndani ya kisanduku cha kitambaa cheupe, pete hupata mng'ao mtulivu na mandhari nyeupe hutoka bila kazi kubwa. Almasi ndiyo hufifia humo, kwa kuwa kila uso wake unaakisi weupe uleule.

Taa ndogo isiyofunikwa hufanya kinyume: ukiisogeza kidogo tu, nyuso za kito huwaka moja moja, lakini metali hujaa madoa meupe ya mwanga uliozidi.

Kwa duka la mtandaoni nachagua kisanduku. Kisha, kamera ikiwa palepale kwenye stendi, napiga picha ya pili kwa taa kali na kuchukua humo kito peke yake, nikiweke juu ya picha ya kwanza. Pete ya fedha ikipotelea kwenye weupe, weka karatasi nyeusi pembeni, nje ya fremu, kingo zitajichora.