Gesi, mkaa, kuni au mafuta ya taa: sufuria ya makande inagharimu ngapi Arusha na Moshi?

Ukiuliza watu wa Moshi kwa nini wana mtungi wa gesi na bado wananunua mkaa, jibu ni lile lile: gesi ni ya chai na kupasha chakula, makande na maharage yatamaliza mtungi. Basi tupime kwa makande yenyewe, kwa sababu nishati inayoshinda hapo itashinda kwingine kote.

Anza na hesabu hii. Ukizingatia joto linaloingia kwenye sufuria kweli, si lile linalopotelea pembeni, kilo 1 ya gesi inafanya kazi ya takriban kilo 4 za mkaa kwenye jiko la kawaida la bati. Kwenye jiko banifu lenye udongo ndani, zinatosha chini kidogo ya kilo 3. Mafuta ya taa yatahitajika karibu lita 1 na robo tatu, na kuni kavu kwenye mafiga kama kilo 12.

Kwa hiyo chukua bei ya kilo ya gesi, gawanya kwa nne. Tuseme mtungi wa kilo 6 unajazwa kwa shilingi 24,000. Kilo ni 4,000, robo yake 1,000. Kama kilo ya mkaa inapita 1,000 na jiko lako ni la bati, mkaa ndio ghali. Tatizo ni kwamba mkaa hatuuziwi kwa kilo. Sado moja ya mkaa hubeba kama kilo moja tu, na chenga zikiwa nyingi au mkaa ukiwa na unyevu unalipia vumbi na maji. Ipeleke mara moja kwenye mizani ya duka la nafaka, ujue.

Sasa makande ya familia, yaliyolowekwa usiku kucha: yanakula gesi kama gramu 200, yaani shilingi 800. Mkaa kwenye jiko la bati ni gramu 800. Kwa sado ya 1,500 hiyo ni 1,200. Jiko banifu linaishusha hadi karibu 900, juu kidogo ya gesi. Mafuta ya taa, kwa lita ya 3,200, yanapita 1,000. Weka bei za mtaani kwako, mpangilio hautabadilika sana.

Kinachomaliza mtungi ni moto mkubwa. Maji yakishachemka, kuongeza moto hakuivishi maharage haraka. Kunatoa mvuke tu. Tena Arusha iko juu, kama mita 1,400, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage yanachelewa kuliko Dar. Presha kuka inaondoa shida hiyo na kupunguza gesi karibu nusu. Kwa ugali na mchicha mkaa unashindwa vibaya zaidi, maana unawasha jiko zima, chakula kinaiva, na makaa yanabaki yakiwaka bure.

Kwa hiyo namba moja ni gesi, pamoja na presha kuka. Moshi wake ni kidogo mno. Namba mbili ni mkaa, kwa jiko banifu na nje tu. Mkaa unadanganya kwa sababu hauwashi macho, lakini unatoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Baridi ya Juni na Julai ikibana, watu huingiza jiko chumbani wapate joto, wanafunga dirisha, na wengine hawaamki. Kichwa kikianza kuuma na kizunguzungu kikaja, toka nje kwanza, jiko baadaye.

Kuni naziweka ya tatu, na kwa mwenye shamba pekee. Nyumba ya Kibosho au Marangu yenye matawi ya mgrivea hailipi kitu, ila anayepika analipa kwa mapafu: jiko la mafiga ndani ya chumba hujaza vumbi laini la moshi mara nyingi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Kuni za kununua mjini hazina faida.

Mafuta ya taa ni ya mwisho. Jiko la mchina linatoa masizi laini usiyoyaona, na tangu 2014 shirika hilo hilo linashauri nyumba ziachane nayo. Ushuru wake nchini ulipandishwa 2011 kuzuia kuchakachua dizeli, unafuu wa zamani ukaisha.

Ukinunua gesi, dai mtungi upimwe mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Toa huo kwenye uzito wa mizani, zibaki kilo 6. Zikipungua, rudisha kabla hujalipa.